Kadi ya Katalogi Inasomwa kwa Nafasi: Kuhamisha Droo za Maktaba Kwenye Kanzidata

Mtu anayepewa kazi ya kuingiza kadi za zamani za maktaba kwenye kompyuta huambiwa kwamba kazi yenyewe ni kuchapa. Tazama kadi, andika jina la mwandishi hapa, jina la kitabu pale, namba ya rafu kule, nenda kadi inayofuata. Nimekaa miezi mingi mbele ya droo za namna hiyo, na naweza kusema kuchapa ndiyo sehemu rahisi. Kinachochosha kichwa ni kujua maneno yaliyo kwenye kadi ni ya uga gani, kwa sababu kadi haikuambii. Hakuna mahali palipoandikwa "Mwandishi:" wala "Jina la kitabu:". Aliyeichapa kwa mashine ya taipu miaka hamsini iliyopita alionyesha tofauti hiyo kwa kuacha nafasi pembeni, na mkutubi wa wakati wake alizisoma nafasi hizo kama wewe unavyosoma alama za barabarani.

Nianze na kadi moja niliyokutana nayo, ya kitabu ambacho wengi tunakijua: kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa na chapa ya Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1939. Kadi ilikuwa na sura hii:

```
R
496.3923   Inter-territorial Language
JOH            Committee for the East
               African Dependencies.
             A standard Swahili-English
           dictionary (founded on Madan's
           ...) under the direction of the
           late Frederick Johnson. London,
           O.U.P., 1939.
```

Tazama ukingo wa kushoto. Safu ya kwanza kabisa, yenye R na namba na JOH, ndiyo namba ya rafu, imepangwa wima kama ilivyobandikwa kwenye mgongo wa kitabu. Kisha kuna mwanya, na mstari wa juu unaoanzia baada ya mwanya huo ndio mwandishi. Jina lake likiwa refu kupita mstari mmoja, mistari inayofuata husogezwa ndani zaidi, ili jicho lijue kwamba bado tuko kwa mwandishi. Jina la kitabu nalo huanza kwa kusogea ndani kidogo, halafu mistari yake mingine hurudi nyuma hadi usawa wa mwandishi. Mpangilio huo ulifuatwa katika maktaba nyingi za dunia, kwenye kadi za ukubwa uleule wa sentimita 7.5 kwa 12.5, zenye tundu chini la kupitishia fimbo ya chuma ya droo. Ukishauzoea unaweza kusoma kadi ya lugha usiyoijua na bado ukatambua wapi mwandishi anaishia na wapi jina la kitabu linaanza.

Sasa ingiza kadi hiyo kwenye kanzidata. Mwandishi ni nani? Mtu aliyekaa jirani yangu aliandika "Johnson, Frederick", na nilimwelewa, kwani hata sisi watumiaji huiita kamusi ya Johnson. Lakini mahali pa mwandishi kadi imeweka kamati ya lugha, na Johnson ametajwa ndani ya maelezo kuwa ndiye aliyesimamia kazi. Madan pia yumo, kwa sababu kamusi hii ilijengwa juu ya yake. Majina matatu, na kila moja lina haki ya kutafutwa na msomaji, ila nafasi ya mwandishi wa kwanza imeshikwa na kamati. Hapo ukienda kwa maana badala ya kwenda kwa nafasi, utakuwa umeshabadilisha kadi bila kujua.

Halafu linakuja jambo la JOH. Kawaida herufi tatu zilizo chini ya namba ni za mwanzo wa jina la mwandishi. Mwandishi wa kadi hii ni kamati, kwa hiyo mtu mwangalifu, tena hodari, atasema: hapa pamekosewa, inatakiwa INT. Atasahihisha. Na tangu siku hiyo kitabu kitakuwa kimepotea, maana kwenye rafu mgongo wake umebandikwa JOH, na kitaendelea kukaa kwenye J huku kompyuta ikimwelekeza msomaji kwenye I. Mkutubi wa zamani alikuwa na sababu yake: aliwajua wasomaji wake, akajua watakwenda kukitafuta kwa Johnson. Hata kama hakuwa na sababu yoyote, namba ya rafu ni anwani ya mahali kitabu kilipo. Anwani hainyooshwi mezani, inanakiliwa. Kama kweli inastahili kubadilishwa, unaanza kwa kukitoa kitabu, unabandua karatasi ya mgongoni na kubandika nyingine, ndipo unagusa kanzidata.

Kwa sababu hiyo tuliamua kila jambo lenye utata liwe na nyuga mbili. Wa kwanza unabeba kilichoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi. Wa pili unabeba kile tunachotaka mtumiaji akione au akitafute. Anayechapa anajaza ule wa kwanza tu. Wa pili hujazwa baadaye na mtu mwingine, akiwa amekaa na kadi nyingi za mwandishi mmoja mbele yake. Kugawa kazi hivi kunaonekana kama kuirudia, lakini kunaokoa, kwa sababu uamuzi wa haraka unaofanywa saa tisa mchana na mtu aliyekwishachapa kadi mia moja na themanini ni uamuzi utakaotofautiana na wa kesho yake asubuhi.

Majina ya watu wetu ndiyo yanayoonyesha faida yake. Kanuni za katalogi zilizokuja na wakoloni zilijengwa juu ya majina yenye jina la ukoo mwishoni: unaligeuza, unaweka mkato, basi. Sasa mchukue Shaaban Robert. Shaaban ni jina lake, Robert ni jina la baba yake. Katika droo utamkuta kwenye R kama "Robert, Shaaban", utamkuta kwenye S kama "Shaaban Robert", na pengine kama "Shaaban bin Robert". Kadi zote tatu zinamtaja mtu mmoja, na kila moja ilichapwa na mkutubi aliyefuata mwongozo wa enzi yake. Ukiziingiza kama zilivyo na kuachia hapo, kompyuta itahesabu waandishi watatu, na msomaji atakayebofya jina moja ataona theluthi ya vitabu. Ukiwaachia wachapaji wasawazishe wenyewe, utapata aina ya nne na ya tano. Tiba yake ni orodha ya majina inayokaa kando: umbo moja lililochaguliwa, na chini yake maumbo mengine yote yaliyokutwa kwenye kadi. Uga wa kwanza unabaki na ushahidi, uga wa pili unaelekeza kwenye orodha. Hali ni hiyohiyo kwa "Sheikh", "Bin", "Bint", "Al-" na vyeo vilivyobandikwa mbele ya jina.

Tahajia ya jina la kitabu nayo isiguswe. Kamusi ya Krapf iliyotoka London mwaka 1882 ilimwandika Mswahili na lugha yake kwa tahajia ya "Suahili". Kijana aliyesoma shule zetu za leo mkono utamwasha kuweka w. Asiiweke. Mtu anayekitafuta kitabu hicho kutoka katika maandishi ya kitaaluma atakiandika kama kilivyochapwa, na anayekitafuta kwa "Swahili" atasaidiwa na uga wa pili.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, kuna swali ambalo miradi mingi hulikosa siku ya kwanza kabisa: unachapa droo zipi? Kabati la kadi lina kitabu kimoja mara nyingi. Ipo kadi iliyopangwa kwa mwandishi, ipo ya jina la kitabu, zipo za mada, na zote zina maneno yaleyale, tofauti ni mstari mmoja wa juu ulioongezwa ili kadi ipangwe kwa herufi nyingine. Anayeanza na droo ya A na kuendelea hadi Z atakuwa amechapa kitabu kimoja mara tatu au nne, na rekodi hizo hazitafanana, kwa sababu zimechapwa na watu tofauti siku tofauti. Nimeona watu wakifuta marudio kwa muda mrefu kuliko waliotumia kuchapa.

Nenda chumba cha ndani, ulizia orodha ya rafu. Hii ni seti ya kadi ambayo wasomaji hawakuwa wakipewa. Imepangwa kwa namba ya rafu badala ya herufi, yaani kwa mfuatano uleule wa vitabu vilivyosimama rafuni, na kila kitabu kina kadi moja tu. Mara nyingi nyuma yake au chini yake utakuta namba za usajili za kila nakala, na maandishi ya penseli kama "c.2 haipo 11/84". Penseli hiyo ni habari kubwa, maana inakuambia ipo nakala ambayo usihangaike kuitafuta. Ndiyo maana unapozipiga picha kadi, unapiga pande zote mbili.

Orodha ya rafu ina zawadi nyingine. Mpangilio wake wenyewe unakusaidia kusoma. Siku moja tulikwama kwenye kadi ambayo utepe wa taipu ulikuwa umekauka, na tarakimu ya mwisho ya namba haikujulikana kama ni 3 au 8. Katika mgawanyo wa Dewey, unaokipa kila kitabu namba ya mada yake, hizo si namba zinazokaribiana kwa maana: baada ya 496.392, ambayo ni Kiswahili, 3 huleta kamusi na 8 huleta vitabu vya matumizi ya lugha. Jina la kitabu lilikuwa limefifia vilevile. Tukatazama kadi iliyotangulia: 496.3923. Tukatazama iliyofuata: 496.3923 tena, na baada yake ikaja 496.3925, ya sarufi. Kadi yenye 8 isingekaa hapo. Ilikuwa 3, na tulipokwenda rafuni tukakikuta kitabu.

Tuliweza kulijua hilo kwa sababu moja tu, kwamba picha zilikuwa zimepewa majina yanayohifadhi mfuatano. Kila picha ilibeba namba ya droo na namba ya kadi ndani ya droo, kwa mfano `D07_0142.jpg` kwa upande wa mbele na `D07_0142b.jpg` kwa nyuma. Jina la picha lilikuwa uga wa kwanza wa kila rekodi. Kadi zikimwagika, au mtu akizipanga upya "ili zipendeze", ushahidi huo umekwenda. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi kabla ya kuianza, usikadirie kwa macho: hesabu kadi zinazoingia katika sentimita moja ya droo, ukiwa umezibana kidogo, kisha pima droo zote kwa rula na uzidishe.

Sasa niseme juu ya namba ya rafu inapoingia kwenye kompyuta, kwa sababu hapa ndipo nilipoona hasara kubwa ikitokea kimyakimya. Tunaiita namba, na Excel inatusadiki. Andika 050, ambayo katika Dewey ni majarida ya jumla, nayo inabaki 50. Andika 070.4 ya uandishi wa habari, inakuwa 70.4. Kama kuna uga wa herufi za mwandishi ukifuatiwa na mwaka, andika MAR 62 na utaona imegeuka tarehe ya mwezi Machi. Hakuna onyo linalotokea. Kila kitu kinaonekana safi hadi siku kanzidata inapopanga namba za rafu kama maandishi, na vitabu vya majarida vinajikuta mbali na mahali pao.

Dawa yake ni kuigeuza safu nzima iwe ya maandishi kabla ya kuandika hata herufi moja, kwa sababu kuigeuza baadaye hakurudishi sifuri iliyokwisha kuliwa. Na kuna mtego wa pili nyuma ya huo: ukihifadhi kwa CSV na kesho ukaifungua faili kwa kuibofya mara mbili, Excel inaisoma upya na kuzila sifuri zote tena. Inafaa kuifungua kwa njia ya kuingiza data, ukiiambia safu ile ni maandishi. Anayetaka kujua kama tayari ameathirika atafute kwenye safu ya Dewey namba yoyote yenye tarakimu pungufu ya tatu kabla ya nukta. Ikiwepo hata moja, zipo nyingine.

Namba ikishakuwa maandishi, Dewey inapangika vizuri, kwa kuwa daima ina tarakimu tatu kabla ya nukta: 496.392 itatangulia 496.3923, nayo itatangulia 496.4, sawasawa na rafuni. Lakini ile R ya juu, inayomaanisha kitabu cha rejea kisichoazimwa, ukiiacha mbele ya namba itavuta vitabu vyote vya rejea kwenda kwenye herufi R. Ipe uga wake na upange kwa namba isiyo nayo, hata kama anwani nzima ya mgongoni itanakiliwa pia. Wenye namba za Maktaba ya Bunge la Marekani wana shida zaidi, maana kwa kompyuta PL8703 hutangulia PL98, na rafuni ni kinyume. Wao huhitaji uga wa ziada wa kupangia ambao msomaji hauoni.

Kadi yetu ya kamusi, baada ya yote hayo, iliingia kwenye Koha, programu ya maktaba ambamo kila uga una namba yake, hivi. Nimeacha nyuga nyingine ili zionekane zile tunazozizungumzia:

```
110 2_ $a Inter-territorial Language Committee
          for the East African Dependencies
245 12 $a A standard Swahili-English dictionary
700 1_ $a Johnson, Frederick
700 1_ $a Madan, A. C.
952    $o R 496.3923 JOH
```

110 ni mwandishi ambaye ni chombo, si mtu. 700 ni majina ya ziada, na hapo Johnson na Madan wamepata njia ya kufikiwa. 952 inabeba nakala yenyewe, na `$o` ni kile kilicho mgongoni mwa kitabu, JOH ikiwa imesimama palepale. Ile 2 inayomalizia 12 baada ya 245 ni ndogo lakini ina kazi: inaiambia programu iruke herufi mbili za mwanzo, yaani "A" na nafasi inayofuata, ili kitabu kipangwe kwenye S. Mkutubi wa kadi aliiruka kwa akili yake wakati wa kupanga droo. Kompyuta lazima iambiwe.

Ipo njia ya mkato, na si mbaya. Maktaba ya Uingereza, jijini London, ilipotaka kuhamisha sehemu ya kadi za makusanyo yake ya Asia, ilifungua mradi ulioitwa Convert-a-Card mwaka 2015. Watu wa kujitolea waliona picha ya kadi, wakatafuta kitabu hichohicho katika WorldCat, katalogi kubwa ya pamoja ya maktaba za dunia, wakachagua rekodi inayolingana na kisha wakanakili namba ya rafu kutoka kwenye kadi. Mwandishi, jina, mchapishaji, mwaka, vyote vilikuwa vimekwisha kuandikwa na mkutubi mwingine mahali pengine. Kilichokuwa cha London peke yake ni namba ya rafu.

Kamusi ya 1939 ingepatikana kwa njia hiyo bila jasho. Ila tahadhari iko kwenye toleo: rekodi ya chapa ya baadaye hufanana mno na ya 1939, na anayechagua kwa haraka huishia kusema maktaba ina kitu ambacho haina. Na droo zetu zina vitu ambavyo hakuna maktaba nyingine iliyoviandika: vijitabu vya vyama vya ushirika, hotuba zilizochapwa kwa stensili, masomo ya elimu ya watu wazima, tenzi zilizopigwa chapa na mwenyewe mjini na kuuzwa mkononi. Hizo hazina rekodi ya kuazima. Ndizo zinazostahili macho na muda wa mchapaji mzuri, na ningeshauri mradi wenye watu wachache uazime kwa vile vinavyojulikana ili wapate nafasi ya kukaa na hizi.

Kuhusu kuhakiki, wengi huweka watu wawili wachape kadi moja bila kuonana, kompyuta ilinganishe, na mtu wa tatu atazame zile zilizotofautiana tu. Inakamata makosa ya vidole vizuri sana. Haikamati pale wote wawili walipofanya usahihishaji uleule wa nia njema, kama kubadili JOH kuwa INT, kwa sababu hapo wamekubaliana. Kwa hiyo baada ya kila droo tulikwenda rafuni, na tulikwenda kwa pande mbili. Kwanza tulichukua rekodi hamsini kutoka kwenye kanzidata tukavitafuta vitabu vyake. Halafu tukatoa vitabu hamsini rafuni, hapa kimoja pale kimoja, tukavitafuta kwenye kanzidata.

Safari ya kwanza hufichua anwani zilizokosewa na vitabu vilivyopotea. Ya pili hufichua kadi zilizorukwa, mara nyingi mbili zilizogandamana kwa unyevu zikapigwa picha kama moja, na pia vitabu ambavyo havikuwahi kupata kadi. Katika droo ya lugha za Afrika, safari ya pili ilituletea vitabu vinne visivyo na rekodi. Viwili kadi zake zilikuwa zimegandamana, tukazitenganisha kwa ukingo wa rula na kuzipiga picha. Cha tatu kadi yake ilikuwa kwenye droo ya jirani, imerudishwa vibaya zamani za kale. Cha nne hakikuwa na kadi popote. Mgongoni kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa mkono, na ndani ya jalada namba ya usajili, ambayo tulikwenda nayo hadi kwenye daftari la kupokelea vitabu tukaukuta mstari wake.